Shemeji Karibu, ila Usihamie

Mtu anayehamia kwenye geto la watu haji na fuso. Hashushi kabati wala hatembei na godoro kichwani majirani wakichungulia. Anakuja na mswaki. Wiki inayofuata ndala zake zinabaki mlangoni, halafu linakuja kopo la mafuta ya nywele, halafu kanga mbili kwenye kamba ya nguo, na siku moja unakuta mwiko ambao hamkuununua. Mwiko ukishaingia, mambo yameiva. Mgeni haji na mwiko wake.

Mwenzangu wa chumba tumwite Ngosha, jina ambalo ukiliita kwa sauti stendi ya Kisesa nusu ya wanaume wanageuka. Ngosha anachomelea mageti barabara ya Musoma, mimi nauza vipuri vya pikipiki Igoma. Chumba chetu ni kimoja, futi kumi kwa kumi na mbili, kodi elfu arobaini kwa mwezi. Tulilipa miezi sita kwa mkupuo, kila mtu laki moja na ishirini, na mkataba ukaandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi hiyo inasema wapangaji ni wawili. Vitanda navyo ni viwili, na katikati yake pana nafasi ya kupita mtu mmoja akiwa amekwenda upande.

Mchumba wake alikuja mwezi wa sita kutazama Bulabo. Anayeijua Bujora anajua kwamba wakati huo Kisesa hakulaliki: Bagika na Bagalu wanacheza ngoma wakikabiliana uwanjani, kila kundi linavuta watu upande wake, na lililovuta wengi ndilo limeshinda. Watu wanatoka Magu, wanatoka Kwimba, wanalala popote. Kwa hiyo shemeji alipolala kwetu sikuona ajabu, nikaenda kujibanza kwa binamu yangu. Bulabo ikaisha, Bagika na Bagalu wakarudi makwao na ngoma zao. Shemeji akabaki.

Wala si kwamba ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi. Ni binti mwenye adabu, akinisalimia anapiga goti na kusema “shikamoo, shemeji” mpaka najihisi nina wajukuu. Anapika nsansa kwa karanga kiasi kwamba jirani wa chumba cha pili alianza kuazima chumvi kila saa moja jioni. Nilikuwa narudi kazini nimejiandaa kusema jambo langu, nakaribishwa sahani, nakula, nanyamaza. Ni vigumu kumzuia mtu mlangoni huku unacheua chakula chake.

Tatizo lilianza baada ya chakula. Ngosha alikuwa ananitazama, anatazama saa, anasema, “Mwanangu, leo hakuna mpira?” Mimi naelewa, navaa viatu, naenda kibanda umiza. Sasa mwezi wa saba ligi zote zimefungwa. Mwenye kibanda alikuwa anaonyesha marudio ya mechi za msimu uliopita, na mimi ndiye mtu pekee niliyelipa mia tano kutazama timu yangu ikifungwa kwa mara ya pili na mabao yaleyale. Nikirudi napiga hodi kwenye chumba ninachokilipia kodi.

Uhamiaji wenyewe nilitangaziwa na mama mwenye nyumba. Nyumba yetu ina vyumba sita na LUKU moja, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi anapita na daftari kuchangisha kwa vichwa. Alifika kwetu, akalamba kidole, akafunua ukurasa, akaandika. Nikachungulia. Chumba chetu kilikuwa kimeandikwa: watatu. Nikamwambia, “Mama, sisi tuko wawili.” Akanitazama kwa huruma, akaelekeza kalamu kwenye kamba ya nguo. Usiku huo Ngosha akatoa tangazo rasmi: mwezi ukianza, shemeji ataleta na begi lake kubwa kutoka kwa shangazi yake Nyanguge. “Utatuvumilia, mwanangu. Si unajua maisha?”

Hapo nilianza kutafuta namna ya kukataa bila kuvunja urafiki, na somo nililipata kwa fundi cherehani wa chumba cha tatu. Yeye yalimkuta hayohayo mwaka uliotangulia, akaamua kutoa sababu za kiungwana. Akamwambia mwenzake kwamba umeme utapanda. Mwenzake akasema sawa, huyu atachangia kichwa chake. Akasema maji ni shida, ndoo zinatoka mbali. Kesho yake akaamka akakuta ndoo zote zimejaa, mpaka na jagi. Akakimbilia ya mwisho, kwamba hakuna faragha. Jioni ile likaja pazia zito la maua, likapigiliwa misumari toka ukuta hadi ukuta. Fundi akawa hana tena la kusema, kwa kuwa kila alichokilalamikia kilikuwa kimetatuliwa. Leo anashona nyuma ya pazia, na upande wa pili analia mtoto wa miezi minne anayefundishwa kumwita baba mkubwa.

Kosa la fundi halikuwa upole. Alitoa sababu zenye dawa. Ukimwambia mtu tatizo ni umeme, umemwambia bei ya kuingia ni umeme. Naye atalipa, atakushukuru, na atakuona mwongo siku utakapoendelea kununa. Ukitaka kukataa, sema lile ambalo hata likinunuliwa pazia halibadiliki: chumba ni kimoja, tulikubaliana kukaa wawili, na mimi siko tayari kuishi na wanandoa. Hilo halina duka linalouza dawa yake.

La pili ni mahali. Chumbani hapafai, maana shemeji yupo, na ukuta wetu unapitisha hata mawazo. Ujumbe wa simu nao haufai: utaandika usiku kwa adabu, ataonyeshwa mhusika asubuhi, na saa nne shangazi wa Nyanguge anaujua. Kumtuma mama mwenye nyumba ndiyo vita kabisa, kwa sababu anaweza kuwatoa wote watatu akapangisha upya kwa elfu hamsini. Nikamwalika Ngosha chakula cha mchana kwa mama ntilie, kati ya kazi yake na yangu, nikaagiza sato wawili wa kukaanga. Nililipa kabla hatujaanza kula, ili tukikosana nisiachwe na aibu ya bili.

Nilianza na neno lenyewe kabla ya ugali kufika. “Ngosha ndugu yangu, shemeji namheshimu na kupika anajua. Ila kuhamia chumbani kwetu, hapana. Sikubali.” Nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko kusema, maana ulimi unawasha kutaka kuongeza sababu, na sababu utakayoongeza ndiyo itakayopigiliwa misumari.

Akajaribu milango yote. “Atachangia umeme.” Nikamwambia najua, ni mtu wa kujitolea, ila si umeme. “Nitaweka pazia.” Nikamwambia si pazia. “Basi ni mwezi mmoja tu, mwanangu, nipange mambo ya mahari.” Hapo ndipo alipojikwaa mwenyewe, nikamshika. Ng'ombe hata mmoja hajatoka kwao. Shangazi wa Nyanguge akija kuuliza binti yake anaishi wapi, atakuta wanaume wawili chumba kimoja. Wa kwanza kuulizwa ng'ombe ni yupi? Ngosha akaacha kutafuna.

Nikamkumbusha pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua kuwa mume na mke, inadhaniwa wameoana kihalali, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho hakisemi lolote kuhusu mtu wa tatu aliyelala kitanda cha dirishani muda wote huo. Nisije nikaitwa shahidi, au nikaingizwa kwenye mgawanyo wa sufuria.

Kukataa peke yake ni kumfungia mtu mlango usoni, kwa hiyo nilikuwa nimekuja na hesabu. Kodi ilibaki miezi mitatu, na nusu ya kila mmoja wetu ni elfu sitini. Nikamwekea mambo mawili mezani. Akitaka kuhama akaanze maisha na mwenzake, nitatafuta mtu wa kuingia nafasi yake, na elfu sitini yake atarudishiwa siku huyo mtu akilipa. Akitaka chumba kibaki chao, mimi ndiye nitoke, anirudishie sitini yangu kabla sijabeba godoro, na wote wawili twende kwa mama mwenye nyumba karatasi iandikwe upya. Katikati hapo shemeji aje kututembelea Jumapili, ale, acheke, arudi kwa shangazi na daladala za jioni. Usiku wa dharura niambiwe mapema nikalale kwa binamu. Na tafadhali, asimwambie mwenzake kwamba rafiki yake amemkataa. Amwambie chumba hakiruhusu watatu, jambo ambalo ni kweli na limeandikwa.

Alinuna. Siku chache geto likawa kama chumba cha mtihani, watu wawili wanapita katikati ya vitanda kwa kwenda upande bila kusemeshana. Sikumfuata kumbembeleza wala sikulegeza, ila asubuhi niliendelea kumwachia maji ya moto nusu, na mchango wa kichwa cha tatu wa mwezi ule niliutoa nusu bila kuulizwa. Mtu akinyimwa jambo moja hupima kama amenyimwa yote. Ukimwonyesha kwamba ni hilo moja tu, hasira inakosa pa kukaa.

Mwishowe akasema mwenyewe, akiwa anafunga kamba za viatu: chumba cha nyuma, karibu na choo, kimeachwa wazi, na mama mwenye nyumba anakitaka elfu thelathini na tano. Nikamsaidia kubeba kitanda, na ilituchukua muda mfupi kuliko kukigeuza mlangoni. Shemeji naye akaja na begi lake kubwa, safari hii kwa heshima zote, shangazi akiwa mbele kukagua. Daftari la LUKU likasomeka vizuri: kule wawili, huku mmoja. Nsansa bado naletewa, na jirani wa chumba cha pili sasa anaazimia chumvi kule nyuma.

Kabla ya kumpokea mwenzangu mpya niliandika masharti kwenye karatasi ya daftari. Kwanza, wakaaji ni wawili. Pili, mgeni wa kulala asizidi usiku mbili, na taarifa itolewe mapema. Tatu, hakuna mchumba wa yeyote kuhamia, na jambo hili halijadiliwi kwa pazia. Kijana akasoma taratibu, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema yeye hata mchumba hana, mambo hayo hayamhusu. Akatia saini. Kisha akauliza kwa upole, “Kaka, mdogo wangu je? Anakuja kuanza kidato cha kwanza hapa Kisesa. Ni miaka minne tu.”

Nikamwomba arudishe karatasi, nikaandika sharti la nne.