Yah: Ombi la Saa ya Ukutani Inayochelewa

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Dawati la Maombi Maalumu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa mtahiniwa wa kidato cha nne mwenye disleksia, yule ambaye faili lake mmelipoteza mara mbili na kulipata mara moja.

Nashukuru kwa jibu lenu, lililofika haraka, yaani baada ya miezi saba. Mmenijulisha kwamba ripoti ya mtaalamu imepitwa na wakati, na kwa mara ya tatu mnataka nyingine ya kuthibitisha kuwa mtoto bado ana disleksia. Niwieni radhi. Sikujua kwamba hali hii huisha muda wake kama bima ya bodaboda. Nashukuru pia kwa kutuelekeza kwa daktari wa macho. Alimpima, akakuta macho mazima, akatuuliza ni nani aliyetutuma.

Bila shaka mnamkumbuka binti yangu. Ofisa wenu alimpa aya ya Kiswahili aisome kwa sauti. Akaisoma bila kukosea hata neno, na ofisa akafunga faili: "Huyu anasoma vizuri tu, mama."

Ofisa hakutazama saa. Mimi niliitazama. Mistari minane ilichukua dakika tatu na nusu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia aliyefundishwa hufika mwisho wa neno salama, ila hufika amechelewa, silabi kwa silabi, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ukihesabu makosa tu, humwoni. Kwenye Kiingereza, lugha ya mitihani yenu, ambako herufi hukaa ndani ya neno bila kutamkwa, huchelewa na kukosea pia. Kwenye jaribio la Baiolojia alijibu maswali sita kati ya kumi na moja, yote sita sahihi. Mengine hakuyafikia. Mwalimu alipomsomea hayo matano kwa mdomo, aliyajibu huku akikunja sare yake.

Ndiyo maana tuliomba robo ya muda iongezwe, kama wanavyopewa watahiniwa wengi wenye disleksia kule Uingereza. Kwa karatasi ya saa tatu, ni dakika 45. Mmejibu kwamba muda hauongezwi kwa ulemavu usioonekana.

Nimeelewa. Siombi tena muda. Naomba saa.

Naomba saa moja ya ukutani ambayo dakika yake ina sekunde 75. Mtihani ukianza saa mbili asubuhi, mishale itamwonyesha saa tano kamili wakati huko nje ni saa tano na dakika arobaini na tano. Kumbukumbu zenu zitasomeka kwamba alimaliza saa tano, kama watoto wote wa jamhuri. Nimeshauriana na fundi saa wa mtaani kwetu. Anasema saa ya timazi ndiyo bora, kwa kuwa timazi likirefushwa saa huenda taratibu, na kwa mwendo huu litahitaji urefu wa zaidi kidogo ya mara moja na nusu. Gharama nitabeba mimi. Saa isafirishwe pamoja na bahasha za mitihani, imefungwa kwa lakiri, chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki, na timazi lake likae kwenye sanduku la pekee, ufunguo ukiwa kwa ofisa mwingine. Msimamizi aapishwe kutotazama saa yake ya mkononi. Baada ya mtihani irudishwe kwenu, mthibitishe kwamba bado inachelewa.

Mengine ni madogo: chumba cha pembeni, maandishi makubwa, na mtu wa kumsomea maswali, isipokuwa kwenye karatasi ya ufahamu, maana huko kinachopimwa ni kusoma kwenyewe. Na fomu yenu ya kurasa saba, yenye maandishi ya ukubwa wa sisimizi, ambayo mtahiniwa mwenye shida ya kusoma lazima aijaze kwa mkono wake bila kufutafuta: naomba kumjua aliyeitunga.

Nimechoka, Mheshimiwa. Ana miaka 17, na tangu darasa la pili ameitwa mvivu na watu wazima waliosomea ualimu. Sasa anajiita hivyo mwenyewe. Usiku hukaa na daftari mpaka saa saba, na mkinitaka nithibitishe hilo nalo, sina muhuri.

Samahani. Nilikuwa kwenye suala la saa.

Fundi anahitaji siku mbili tu. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Ombi letu tulilipeleka Februari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtahiniwa