Sukari ya Machi kwa Bei ya Januari

Jibu la kuogopwa katika Excel si lile linalopiga kelele #N/A. Ni lile linalokuja kimya, nadhifu, koma ikiwa mahali pake, kumbe ni jibu la swali jingine. Tuchukue jedwali la bei za jumla: safu A ina bidhaa, B ina mwezi, C ina bei ya kilo kwa shilingi. Mstari wa 2 ni sukari ya Januari, 2,800, na wa 3 ni mchele wa mwezi huohuo, 2,600. Februari inafuata katika mstari wa 4 na wa 5: sukari 2,900, mchele 2,700. Machi inafunga: sukari 3,200 katika mstari wa 6, mchele 2,900 katika wa 7. Bosi anataka bei ya sukari ya Machi. Karani anaiita VLOOKUP, inamletea 2,800, ankara inachapwa, na mteja anashukuru kwa uchangamfu usio wa kawaida. VLOOKUP yenyewe haina hatia. Ni kama mlinzi aliyetumwa kumwita Juma: humleta Juma wa kwanza aliyemkuta getini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba wapo watatu.

Dawa ni kuuliza maswali mawili kwa mpigo, kisha kuzidisha majibu yake. Andika bidhaa katika E1 na mwezi katika F1, halafu:

```
=INDEX(C2:C7,MATCH(1,(A2:A7=E1)*(B2:B7=F1),0))
```

Swali la kwanza, "je, ni sukari?", linajibiwa mstari kwa mstari: 1,0,1,0,1,0. La pili, "je, ni Machi?", linatoa 0,0,0,0,1,1. Ukizidisha, sifuri humeza kila mstari uliotimiza sharti moja tu, na inabaki 1 pekee katika nafasi ya tano. MATCH inaiona hiyo tano, INDEX inahesabu tano kuanzia C2 na kurudi na 3,200. Kwenye Excel 2019 na za kabla yake, fomula hii hufungwa kwa Ctrl+Shift+Enter, la sivyo huenda ikanuna na kukupa kosa. Mabano ya mawimbi yatakayojitokeza ni ya Excel yenyewe. Ukiyaandika kwa mkono, fomula yako inageuka maandishi matupu.

Wapo watakaosema: kwa nini taabu yote hii, na safu ya msaada inayounganisha A na B ingetosha? Ingetosha, mpaka siku mtu mwenye bidii ya usafi aione, aidhani takataka, na kuifuta. Hapo ofisi nzima inasoma #REF!. Tena kuunganisha kuna mtego wake. Bidhaa "Soda1" ya mwezi 12 na "Soda11" ya mwezi 2 zote zinakuwa "Soda112", na soda mbili zinauzwa kwa kitambulisho kimoja. Ukiunganisha, angalau weka alama katikati.

Wengine watatetea SUMIFS, na kwa haki: ni fupi, na kwa kiasi kilichouzwa ndiyo hasa inayofaa. Lakini bei haijumlishwi. Karani akiingiza sukari ya Machi mara mbili, SUMIFS inatangaza kilo moja kwa 6,400. Ukiuliza Aprili, ambayo haimo, inajibu sifuri, na hapo sukari ni ya bure.

Fomula yetu nayo si malaika. Mstari ukijirudia, itachukua wa kwanza bila kukuambia. COUNTIFS kwa masharti yaleyale ikikupa zaidi ya 1, kagua jedwali kwanza. Na ikikataa kuiona Machi unayoiona kwa macho yako, bofya seli usome kilichomo kweli: pengine ni tarehe, 1/3/2024, iliyopambwa ionekane jina la mwezi, au kuna nafasi tupu iliyojibanza mwishoni mwa neno. Excel haisomi mapambo, inasoma kilichoandikwa.

Hata hivyo, #N/A ya fomula yetu inastahili heshima: inasema wazi kwamba haikuiona sukari ya mwezi ulioulizwa. Anayeona aibu nayo na kuivisha IFERROR yenye sifuri, ili karatasi ipendeze mbele ya bosi, amezunguka njia ndefu yenye INDEX na MATCH ili kuifikia tena sukari ya bure.