Fundi wa saa tatu

Fundi bomba aliniahidi saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu nikampigia. "Niko njiani bosi, kuna foleni." Nyuma yake nikamsikia mtoto: "Baba, maji ya kuoga yamechemka!" Foleni za Dar nazijua, ila hiyo ya kwenda bafuni sijawahi kukutana nayo. Adhuhuri ikapita ndipo akaingia, tabasamu hili hapa, akiuliza kama nina spana.

Tatizo lenyewe dogo: koki ya chini ya sinki la jikoni ilikuwa inavuja. Tulipatana ufundi 25,000, koki nanunua mimi. Akaenda dukani, akarudi na koki ya robo tatu, na bomba letu ni la nusu inchi. Akarudi tena kubadilisha. Boda 3,000 ya kwanza, boda 3,000 ya pili, zote juu yangu. Halafu akatokea msaidizi wa 5,000, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi. Tochi yenyewe ni simu yangu. Usafi tusiuzungumze, taulo la mama watoto ndilo lililofutia kutu, na vipande vya tepu nyeupe nilivikuta mpaka kwenye sufuria ya wali.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonikaa rohoni ni ile tepu. Thredi tepu huzungushwa kufuata upande ule ule utakaokazia koki, ili ukikaza nayo izidi kujibana. Yeye kaizungusha kinyume. Alipokaza, nikaiona inasukumwa nje ya thredi, inaning'inia kama ndevu za beberu. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma: "Bosi, hii kazi nimeianza wewe hujaoa."

Akafungulia maji, pakavu. Akanawa, akapokea chake, akaondoka. Ila mchana ule maji ya mgao hayakuwepo. Alijaribia ya tangi, na tangi letu liko kwenye mnara wa mita 3 tu. Maji ya kushuka mita 3 hayana nguvu ya kumuumbua fundi. Saa nane za usiku mgao ukafika na presha yake, nikasikia tii, tii, tii kwenye kabati. Nikaikausha koki, nikaiviringishia karatasi ya chooni kuona itaanzia wapi kulowa. Ikalowa pale pale penye ndevu.

Kuwahi nampa sifuri, usafi sifuri, bei imezidi makubaliano kwa 11,000, na ukarabati haukumaliza hata siku moja. Salamu zake tu ndizo nzuri.

Ndugu msomaji, ukimwita fundi bomba, bakisha nusu ya hela yake. Mwambie aifuate kesho, maji ya mgao yakishapita usiku na karatasi ikaamka kavu.