Bibi na Sumaku Yake

Bibi yangu ana ugomvi na maendeleo. Juzi kanizungusha Kariakoo, Mtaa wa Kongo, toka asubuhi hadi adhuhuri, akitafuta sufuria ya enameli yenye muhuri wa nyota kitakoni, kama ile aliyopewa alipoolewa. Mkononi kashika sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu.

"Shikamoo bibi. Nyota yako hii hapa!" akaita kijana muuzaji, akimpa sufuria.

"Marahaba, mjukuu wangu." Akabandika sumaku. Ikaanguka. Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi, na chuma hushika sumaku. Hii ilikuwa alumini iliyopakwa rangi.

Sasa kosa la kijana wa watu liko wapi? Nyota si ipo? Tena kubwa kuliko ya zamani! Ile ya bibi imechemsha ukwaju miaka 40 na haijabadilika ladha wala sura. Kwa ukaidi huo, wenye maduka watakula nini? Hii mpya ina adabu za mgeni mstaarabu, haikai sana. Ukisonga ugali inakuongezea chembe za buluu bila kudai senti, na ukiibonyeza kwa kidole inanywea kwa heshima.

Bibi kaukataa ukarimu wote huo. Tulipokuwa tunaondoka nikamwonyesha muuzaji picha ya ile kuukuu kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akaninong'oneza:

"Hiyo mnaiuza?"