Barua Pepe Yenye Goti la Mjomba

Nilikuwa nimeshaagwa, na hilo lilinitesa kuliko viza yenyewe. Mwishoni mwa Julai 2023 ndugu walijaa uani kwetu Mtwara, pilau likaliwa, dua ikasomwa, na mashangazi wakanitunza pesa walizozifungua kwenye pindo za khanga ili nikasome kemia Marekani. Tarehe 7 Agosti nilikuwa bado natumwa chumvi dukani. "He, bado upo?" akauliza muuza duka, kwa sauti ya mtu aliyechangia. Tangu siku hiyo nikawa napita njia ya nyuma ya msikiti.

Chanzo kilikuwa usaili wa viza, tarehe 24 Julai. Afisa aliniuliza nitakwenda kutafiti nini. Sasa mtu wa Mtwara ukimuuliza habari za korosho, umejitakia mwenyewe. Nikamweleza mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua ngozi, yanavyostahimili joto, na yanavyotumika kutengenezea bitana za breki. Hilo la kubabua ngozi nadhani lingeweza kungoja. Akanipa karatasi iliyotaja kifungu 221(g), maana yake maombi yamesimama mpaka wapate maelezo zaidi: wasifu wangu, muhtasari wa utafiti, na habari za msimamizi wangu. Sababu sikuambiwa, na huenda korosho hazikuhusika kabisa, ila mjomba anazilaumu mpaka leo.

Nilituma vyote siku ya pili yake. Jioni nikafungua tovuti ya kuangalia maombi, nikakuta neno moja: `Refused`. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na Kiingereza chake cha shule ya msingi kilitosha kabisa. Nyumba ikawa kama ya msiba. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba tovuti ile huandika neno hilohilo kwa aliyenyimwa na kwa anayesubiri kuchunguzwa. Tofauti imo kwenye maandishi madogo ya chini, ambako hakuna mama anayefika. Ndiyo maana sherehe ya kuniaga haikuahirishwa.

Tatizo jingine lilikuwa fomu ya I-20. Hiyo hutolewa na chuo, na ndani yake kuna tarehe ya kuanza masomo. Yangu ilisema 21 Agosti. Mwanafunzi mpya anaruhusiwa kuingia nchini siku 30 kabla ya tarehe hiyo, lakini akitua baada yake, afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza anafuata nini, maana karatasi yake mwenyewe inasema darasa limeshaanza. Kwa hiyo viza hata ikitoka mwezi wa tisa, peke yake isingenitosha. Ilinibidi niombe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikubali nichelewe na inibadilishie tarehe.

Nikamshirikisha mjomba, karani mstaafu wa chama cha ushirika. Mjomba anaamini barua isiyo na salamu ni mgeni aliyeingia bila hodi. Akakaa kwenye mkeka, akanyoosha goti lake bovu, akaanza kunisomea maneno nami nikawa nayageuza Kiingereza. Kichwa cha habari: "Salamu na Mengineyo". Aya ya kwanza iliulizia afya ya ofisi nzima. Ya pili ilisema sisi hatujambo, isipokuwa goti la mjomba. Ya tatu ilifafanua goti. Ombi lenyewe lilitokea aya ya nane, limejificha kama mwana mwali: "iwapo itawapendeza, na kama hali itaruhusu, tunaomba mtufikirie." Tufikiriwe nini, haikusema. Viambatisho vilikuwa picha 14 za simu, tatu zimesimama kichwa chini na moja ni ya sufuria.

Tukaituma Nane Nane. Kesho yake saa kumi jioni, ambapo kwao ni saa mbili asubuhi na ofisi ndiyo inafunguliwa, jibu likaja. Kwa Kiswahili lilisema hivi: "Asante kwa barua yako nzuri. Pole kwa goti. Je, kuna jambo ungependa tukusaidie?"

Mjomba alilisoma mara mbili. "Wana adabu," akasema, "ila hawakusoma."

Rafiki yangu aliyetangulia kusoma huko alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alinifundisha kitu ambacho sikukijua: ofisi ile haiamui peke yake. Idara ndiyo husema mwanafunzi anaweza kukosa vipindi vya siku ngapi bila kuharibikiwa, kisha ofisi ya kimataifa huandika karatasi. Na yenyewe inabanwa, kwa sababu ndani ya siku 30 tangu tarehe iliyo kwenye I-20 lazima imsajili mwanafunzi aliyefika, la sivyo rekodi yake inafungwa. Hivyo nikaanzia kwa mkuu wa idara. Akajibu kwamba mwisho ni 5 Septemba, na kwamba maabara niliyotakiwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza itashikwa na mwingine kwa wiki mbili. Baada ya hapo ndipo nikaandika barua ya pili, nikiwa peke yangu, mjomba kaenda kuswali:

"Kuhusu: Ombi la kuchelewa kufika, F-1, masomo yanaanza 21 Agosti.

Jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti ni hili, namba ya mwanafunzi hii, namba ya SEVIS hii. Nilifanyiwa usaili wa viza tarehe 24 Julai. Maombi yanachunguzwa chini ya 221(g), na nyaraka zilizotakiwa nilizituma 25 Julai. Sijapewa tarehe ya majibu. Idara imekubali nifike tarehe 5 Septemba au kabla yake. Barua yao nimeiambatisha. Naomba I-20 yenye tarehe mpya. Viza isipotoka hadi 1 Septemba, nitawaandikia siku hiyohiyo kuomba kuahirisha hadi muhula wa Januari."

Sentensi iliyonipa taabu ni "Sijapewa tarehe ya majibu." Mkono uliniwasha niandike "itatoka wiki ijayo, inshallah", kama fundi cherehani anavyomwahidi bibi harusi. Lakini ofisi ingepanga mambo yake kwa ahadi ambayo sikuwa na uwezo wa kuitimiza.

I-20 mpya ilikuja baada ya siku mbili, faili moja, yenye tarehe ya kuanza 5 Septemba. Namba ya SEVIS ilibaki ileile, kwa hiyo sikulipa ada upya wala maombi ya viza hayakuvurugika. Tiketi ya ndege ni habari nyingine. Nilikuwa nimeinunua kabla ya kupata viza, na gharama ya kuibadili ilimeza pesa zote za mashangazi.

Tarehe 29 Agosti tovuti ikaandika `Issued`. Nikapanda basi kwenda Dar bila kumuaga mtu yeyote, kwa tahadhari. Mpakani afisa alitazama I-20, akauliza kwa nini nimechelewa. Nilivuta pumzi ya aya nane, kisha nikasema: "Viza ilichelewa." Akagonga muhuri.

Nilifika chuoni Jumapili, 3 Septemba. Jumatatu nikakuta ofisi imefungwa, kwani Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni sikukuu yao ya wafanyakazi, jambo ambalo mimi na mahesabu yangu yote hatukulijua. Jumanne, siku yangu ya mwisho, nilikuwa mlangoni kabla ya saa mbili. Mama mmoja wa makamo alipokea pasipoti yangu, akaandika jina kwenye kompyuta, akasimamisha vidole.

"Ni wewe!" akasema. "Haya, goti la mjomba linaendeleaje?"