Akina Neema Mollel Watano

Orodha ya majina ya kuchapishia vyeti huzaliwa ikiwa chafu, na uchafu wake hufuata mikono iliyoiandika. Chukua mfano wa mafunzo ya siku tatu ya huduma ya kwanza kwa wapagazi na waongoza watalii wa Mlima Meru, yanayofanyika katika ukumbi mmoja wa Usa River. Siku ya kwanza mahudhurio huchapwa na katibu anayeamini kwamba herufi kubwa ni sehemu ya adabu za ofisi. Siku ya pili huchapwa na kijana anayeamini kwamba kitufe cha herufi kubwa kiliwekwa pale kama pambo. Siku ya tatu majina hunakiliwa kutoka kundi la WhatsApp, ambako mmoja ametanguliza jina la ukoo, mwingine kaandika jina la utani, na kuna "Mama Junior", ambaye akipewa cheti kwa jina hilo Junior naye atadai sehemu yake. Jioni ya siku hiyo orodha zote tatu hubandikwa katika karatasi moja ya Excel, na mtu mmoja huambiwa vyeti vinatakiwa kesho saa nne asubuhi.

Mtu huyo akiwa na busara, kitu cha kwanza anachofanya ni kunakili karatasi nzima na kuiacha ile ya asili bila kuigusa. Kisha husafisha kwa mpangilio: nafasi kwanza, halafu herufi, na marudio mwisho kabisa. Mpangilio huu una sababu yake. Excel inapotafuta marudio haijali herufi kubwa wala ndogo, ila nafasi moja iliyojificha mwishoni mwa jina huiona kama herufi kamili. Anayeanza kufuta marudio kabla ya kuondoa nafasi ataambiwa hakuna marudio, ataenda kulala kwa amani, na kesho yake atachapisha vyeti viwili vya mtu mmoja.

Nafasi za ziada hutoka kwenye simu kwa wingi. Mtu akichagua neno ambalo simu imempendekezea, simu huongeza nafasi baada yake hata kama hakuna neno linalofuata. Nafasi hiyo haionekani kwenye orodha, lakini huonekana kwenye cheti, hasa pale sentensi inapoendelea baada ya jina: "Neema Mollel , amehudhuria mafunzo", na mkato umesimama peke yake kama abiria aliyeachwa na daladala. Nafasi ya mwanzoni ni rahisi zaidi kuikamata. Orodha ikipangwa kwa alfabeti, nafasi hutangulia herufi zote, kwa hiyo Mollel aliyeanza na nafasi hupanda hadi juu ya akina Akyoo na Ayo. Ambaye bado ana shaka atumie LEN, inayohesabu alama zote za kisanduku. "Neema Mollel" ina alama 12 pamoja na nafasi ya katikati. Ikija 14, kuna wageni wawili wasioalikwa.

Dawa inayojulikana ni TRIM, inayokata nafasi za mwanzo na za mwisho na kubakiza moja tu kati ya maneno. Watu wengi huishia hapo, kisha hushangaa kwamba baadhi ya majina yamegoma. Yaliyogoma huwa na nafasi ya aina nyingine, namba 160, ambayo husafiri na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandaoni na mahali pengine. Kwa macho ni nafasi kama nyingine, lakini TRIM haiitambui. Kuna pia mkato wa mstari, pale jina la kwanza lilipoandikwa juu na la ukoo chini ndani ya kisanduku kimoja. Yote mawili yageuzwe kwanza kuwa nafasi ya kawaida, ndipo TRIM ipewe kazi katika safu C:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "),CHAR(10)," "))
```

Hapo huja zamu ya herufi, na ndipo Arusha inapoitesa Excel. Fomula ya PROPER huweka herufi kubwa mwanzoni mwa kila neno na kushusha zilizobaki. Shida ni kwamba kwake neno jipya huanza baada ya alama yoyote isiyo herufi, na ritifaa ni mojawapo. Washiriki wanaotoka kwenye miteremko ya Meru hujikuta wamehamishiwa vijiji visivyokuwepo: Ng'iresi huwa "Ng'Iresi", King'ori huwa "King'Ori", na Ilkiding'a hupata mkia wa herufi kubwa, "Ilkiding'A", kana kwamba kuna Ilkiding'B ng'ambo ya mto. Maji ya Chai nako huwa "Maji Ya Chai". Majina ya watu yenye ng' hupatwa na yaleyale.

Njia ya kuizunguka PROPER ni kuificha ritifaa kabla fomula haijaiona. Ritifaa hubadilishwa kuwa herufi ambazo haziwezi kukutana katika jina la mtu yeyote, PROPER hufanya kazi yake ikidhani neno ni moja, kisha herufi zile hugeuzwa tena kuwa ritifaa:

```
=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(C2,"'","zqz")),"zqz","'")
```

Ujanja huu una mipaka miwili. Simu nyingine huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Iliyopinda, yaani UNICHAR(8217), igeuzwe kuwa iliyonyooka kabla ya yote. Pili, fomula inayomponya mtu wa Ng'iresi humjeruhi D'Souza, ambaye sasa anakuwa "D'souza". Na "ole" ya majina ya Kimaasai, ambayo wenyewe wengi huiandika kwa herufi ndogo, hutoka ikiwa "Ole". Majina kama haya huwa machache, na kuyarekebisha kwa mkono ni dakika chache kuliko kutunga fomula ya kumridhisha kila mmoja.

Wapo wanaoukwepa ugomvi huu wote kwa kutumia UPPER na kuchapisha kila jina kwa herufi kubwa. NG'IRESI haina matatizo, D'SOUZA haina matatizo, na mtu hulala mapema. Ni uvivu wenye akili, mradi mwandiko wa cheti uwe wa kawaida. Tatizo ni kwamba wenye mafunzo hupenda ule mwandiko wa kalamu wenye mikia mirefu, ambao ukiandikwa kwa herufi kubwa tupu jina zima hufanana na waya wa fensi uliokanyagwa na ng'ombe.

Baada ya nafasi na herufi kutulia ndipo marudio yaguswe, na hapa ndipo makosa ghali hufanyika. Kitufe cha Remove Duplicates hubakiza mstari wa kwanza, hufuta unaofuata, kisha hutangaza idadi ya iliyofutwa bila kusema ni ipi. Katika orodha ya mafunzo, jina lililojirudia mara tatu huenda ni ushahidi kwamba mtu alihudhuria siku zote tatu, na ikiwa sharti la cheti ni hilo, kufuta ni kuteketeza mahudhurio yake. Upande wa pili, mtu anaweza kusaini mara mbili kwa siku moja, asubuhi kwa ajili ya mafunzo na mchana kwa ajili ya posho. Saini ya pili kwa kawaida ndiyo inayosomeka vizuri zaidi.

Tazama mistari hii mitano, ya majina ya kutungwa lakini ya sura inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kushika daftari la mahudhurio mkoani Arusha, ambako Mollel hawahesabiki:

```
 NEEMA MOLLEL    siku 1
Neema Mollel     siku 1
neema  mollel    siku 2
Mollel, Neema    siku 3
Neema Molel      siku 3
```

Ikisafishwa, mistari mitatu ya kwanza inakuwa jina moja. Remove Duplicates ikitumika kwenye safu ya majina pekee hubakiza watatu: Neema Mollel, Mollel Neema mwenye mkato, na Neema Molel mwenye l moja. Vyeti vitatu huchapishwa. Lakini safu ya namba za simu inasimulia habari nyingine. Mstari wa kwanza, wa tatu na wa nne ni wa mama mmoja wa Ng'iresi. Wa pili na wa tano ni wa dada wa King'ori, ambaye siku ya pili hakuonekana. Wenye majina ni wawili, na aliyetimiza siku tatu ni mmoja. Vyeti viwili kati ya vile vitatu havikustahili kuwepo, na hakuna fomula ya majina ambayo ingegundua hilo, kwa sababu majina ya wanawake hawa kweli yanafanana.

Kwa hiyo utambulisho hutafutwa nje ya jina, na simu ndiyo iliyo karibu. Nayo huandikwa kwa namna tatu: inayoanza na sifuri, inayoanza na +255, na ile ambayo Excel imeila sifuri yake ikidhani ni hesabu. Tarakimu tisa za mwisho zinabaki zilezile katika zote tatu, basi hizo ndizo za kulinganisha:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
```

Sasa Remove Duplicates inaweza kutumika kwa haki, kwa kuchagua safu mbili pamoja, tarakimu tisa na siku. Saini ya posho inaondoka, siku tatu zinabaki. Kisha COUNTIF huhesabu kila namba imebaki mara ngapi: mama wa Ng'iresi 3, dada wa King'ori 2. Simu nayo si malaika. Mpagazi na kaka yake hutumia moja, na mtu mwenye laini mbili hutoa hii leo na ile kesho. Ndiyo maana safu ya kijiji isifutwe hadi mwisho, na kila namba iliyobeba majina mawili yasiyofanana ipitiwe kwa macho.

Tahajia huamuliwa na mwenye jina. Nnko na Nko, Pallangyo na Palangyo, Laizer na Laiser, msafishaji asimchagulie mtu ipi ni sahihi. Orodha iliyosafishwa hubandikwa mlangoni asubuhi kabla ya vyeti kuchapishwa, na kila mshiriki hulinganisha jina lake na kitambulisho cha taifa, kisha hutia saini pembeni. Hapo Mama Junior naye hupatikana kwa jina lake la ubatizo, mara nyingi kwa mshangao wa waliokaa naye siku tatu.

Kabla ya kuunganisha orodha na cheti kwa Mail Merge, matokeo ya fomula yanakiliwe na kubandikwa kama maandishi kwa Paste Values, ili kufuta safu ya zamani kusiache #REF! mahali pa jina, kisha kila aliyetimiza siku abakiziwe mstari mmoja tu. Orodha ipangwe tena kwa LEN, na majina mawili tu, refu kuliko yote na fupi kuliko yote, yachapishwe kwenye karatasi ya kawaida. Elibariki Ndekirwa Pallangyo akikaa katika mstari mmoja bila kugusa saini ya mgeni rasmi, karatasi ngumu inaweza kuingizwa kwenye printa.