Barua ya Wazi kwa Kamishna Jenerali wa Magereza: Pongezi kwa Mtihani wa Getini

Afande Kamishna Jenerali,

Nakuandikia kulipongeza jeshi lako kwa kutunga mtihani ambao hakuna chuo kikuu kilichothubutu kuutunga: ndugu wa mahabusu wanafanya mtihani kwanza, na wakishafeli getini ndipo wanapewa maswali. Hoja yangu ni moja. Kumficha mgeni utaratibu hakumzuii mhalifu hata mmoja, kwa sababu siri yenyewe hutolewa bure kwa kila anayefika getini. Anayeumia ni yule aliyetoka mbali.

Tuchukue mzazi wa Kilosa ambaye kijana wake amesomewa mashtaka Kisutu, dhamana ikashindikana, karandinga likaondoka naye. Dar es Salaam kuna Keko, Segerea na Ukonga, na kwa mtu wa Kilosa yote hayo ni "magereza" tu. Jibu lake lipo na limeandikwa: hati ya mahakama ya kumweka mtu mahabusu hutaja gereza anakopelekwa, na karani anaweza kuisoma akipewa namba ya kesi. Lakini mzazi hana namba ya kesi. Ana jina, na jina lenyewe ni Chidi, wakati hati ya mashtaka inamtambua Rashidi mwenye majina matatu. Karani anapekua daftari, hamwoni. Kwa mujibu wa serikali, Chidi hajawahi kukamatwa. Ndiyo maana wazoefu huanza kwa wakili au mdhamini aliyekuwapo mahakamani, wakachukua majina yote kama yalivyoandikwa pamoja na namba ya kesi, kabla ya kukata tiketi ya basi.

Akishalijua gereza, bado hajavuka. Ukonga, kwa mfano, pana gereza, pana chuo cha jeshi lako, pana na makazi ya askari; anayeuliza "Magereza ni wapi?" anaweza kuelekezwa kokote kati ya huko, na kila aliyemwelekeza atakuwa amesema kweli. Kisha yapo maswali ambayo majibu yake hayakisiwi: siku ya mahabusu ni ileile ya wafungwa? Mwisho wa kuandikisha ni saa ngapi? Asiye na kitambulisho cha NIDA anakubaliwa na barua ya serikali ya mtaa? Chakula kilichopikwa nyumbani kinapita? Swali hili la mwisho si la udaku. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinamruhusu mahabusu kununuliwa chakula kutoka nje, ilimradi utaratibu wa gereza usivurugike. Ni utaratibu gani huo, sufuria la wali hujibiwa likiwa limeshafika getini.

Najua utajibu kwamba watu huhamishwa, na tangazo la leo kesho ni uongo. Ni kweli kabisa. Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, chama chake kilitangaza kwamba hakijui aliko baada ya kuelezwa kuwa hayupo Keko. Baadaye ikajulikana yuko Ukonga. Ikiwa mtu mwenye mawakili, chama na waandishi wa habari nyuma yake anaweza kutafutwa hivyo, Chidi atatafutwa na nani? Kuhamisha mtu ndiko kunakodai taarifa itolewe. Kanuni ya 68 kati ya hizo za Mandela inampa mfungwa haki ya kuijulisha familia mara moja anapohamishwa, na njia ya kuijulisha.

Utasema pia ni suala la usalama, na faragha ya mahabusu. Sijaomba ramani ya selo wala orodha ya majina ibandikwe ukutani. Anayetaja majina kamili na namba ya kesi aambiwe "yupo" au "hayupo, ulizia kule". Siku, saa, kitambulisho na vitu vinavyokatazwa tayari vinajulikana na muuza maji wa nje ya geti. Sioni kwa nini vifichwe kwa mama wa mahabusu. Na upekuzi hauguswi: mgeni atapekuliwa vilevile, tofauti ni kwamba simu ataiacha nyumbani.

Kwa hiyo naomba karatasi moja kwa kila gereza: geti la wageni na alama iliyo jirani nalo, siku na saa, vitambulisho, vinavyopita na visivyopita, simu inayopokelewa, na tarehe karatasi ilipohakikiwa. Ibandikwe mahakamani, pale karandinga linapopakia, kwa kuwa hapo ndipo ndugu husimama wakiulizana. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Haijasema neno kuhusu ndugu zake, lakini nadhani ilidhani hilo halihitaji kuandikwa.

Wako mtiifu,
Raia asiye na kesi, kwa sasa